Katuni ya udongo ya sekunde 20: fremu ngapi, waya gani, taa gani

Mzee kakaa kwenye kigoda. Anainuka, anatembea hadi bombani, anafungua koki, anasubiri. Maji hayatoki. Anatoka mende. Filamu yote ni hiyo, sekunde 20 tu, nayo ilinikalia mezani wiki tatu kwa sababu nilianzia mwisho. Nilianza na mdoli, nikaja kwenye taa, na idadi ya fremu nikaiachia programu ya simu ijiamulie. Kumbe idadi ya fremu ndiyo inayosema waya ulio ndani ya mdoli wako utapindwa mara ngapi, na taa yako itakaa imewaka saa ngapi bila kubadilika. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwa kuanzia huko.

Fremu 8, 12 au 24

Katuni ya udongo hupigwa picha moja moja: unasogeza mdoli kidogo, unatoa mkono, unapiga, unasogeza tena. Mimi nikiwa nimeshazoea hutumia kama dakika moja na nusu kwa picha, nikihesabu na muda wa kuangalia nilichokosea. Chukua kipimo hicho, halafu chukua mkono wa mdoli unaotakiwa kwenda sentimita 6 ndani ya nusu sekunde.

| Fremu kwa sekunde | Picha za sekunde 20 | Saa za kupiga | Mkono husogea kila picha |
|---|---|---|---|
| 8 | 160 | 4 | milimita 15 |
| 12 | 240 | 6 | milimita 10 |
| 24 | 480 | 12 | milimita 5 |

Wengi husoma safu ya saa, wakaishia hapo. Mimi naitazama zaidi ile ya mwisho. Kwenye fremu 8 mkono unaruka milimita 15 kwa mpigo, na jicho linaona mruko. Kwa mende anayekimbia hilo halina shida, tena linapendeza. Kwa mzee anayeinuka polepole linamfanya aonekane anavutwa na kamba.

Kwenye fremu 24 mambo yanageuka. Mzee anaponyoosha mkono polepole kwenye koki, sentimita 6 hizohizo kwa sekunde 3, utapiga picha 72, na kila picha mkono unasogea chini ya milimita moja. Kwa vidole, juu ya plastisini laini, milimita moja ni kosa la kawaida la mkono. Matokeo yake mwendo hauwi laini kama ulivyotarajia. Unatetemeka. Halafu kila unaposhika unaacha alama za vidole, na unaposhika mara mbili zaidi, ngozi ya mdoli inachemka kwenye skrini kama uji jikoni.

Ndiyo maana 12 imezoeleka. Filamu ya sinema huonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na watengeneza katuni tangu zamani huirudia kila picha mara mbili ili wachore au wasogeze mara 12 tu. Uzuri wake ni kwamba hufungwi. Ukiiweka kazi yako kwenye 24 na kurudia kila picha mara mbili, pale penye kitu cha kasi, mfano koki inapochomoka, unaweza kupiga picha moja moja bila kurudia, kisha ukarudi kwenye mbilimbili. Na 8 nayo imo humohumo, ni kila picha mara tatu. Kumi na tano haigawanyi 24. Ukiichagua, baki nayo mwanzo hadi mwisho, usichanganye.

Kwa filamu ya kwanza mimi nasema 12. Na si picha zote 240 utazipiga. Mzee akiwa amekaa sekunde 3 za mwanzo, hizo ni fremu 36, lakini mimi nilipiga picha 10 tu: ameganda, kapepesa jicho, kaganda, kageuza kichwa kidogo. Zilizobaki ni marudio.

Bila kiunzi, kiunzi cha waya, au kiunzi cha vifundo vya chuma

Kwanza udongo wenyewe. Ule wa mfinyanzi usiuguse kwa kazi hii: unakauka ukiwa mezani na kupasuka viungoni. Plastisini ina mafuta, haikauki. Ni ileile ya watoto wa shule, iliyotengenezwa kwanza na mwalimu wa sanaa William Harbutt kule Bath, Uingereza, mwaka 1897. Tatizo lake kwetu ni joto. Chumba cha Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana, mkono wa plastisini wenye urefu wa kidole unashuka wenyewe kabla hujafika kwenye kamera.

Mdoli asiye na kiunzi, yaani mifupa ya ndani, anafaa akiwa mfupi na mnene. Mende wangu hakuwa na waya hata mmoja, wala kigoda. Umbo la yai, konokono, kichwa kinachojibadilisha kuwa sufuria, hivi vyote havihitaji mifupa, na ukiviwekea utajinyima uhuru wa kuvifinya. Kipimo changu ni rahisi: tengeneza umbo, lisimamishe, nenda kanywe chai. Ukirudi ukakuta limeinama, linataka mifupa.

Mdoli anayetembea kwa miguu miwili anataka mifupa, na hapa ndipo nilipopoteza wiki ya kwanza. Nilitumia waya wa shaba niliouchuna kutoka kwenye kebo ya umeme, ule mgumu wa uzi mmoja. Ukiwa mpya ni laini, unakaa pale unapouweka. Lakini shaba kila inapopindwa inazidi kuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inakatika. Baada ya mazoezi ya jioni mbili, nikaanza kupiga. Picha ya 113, hatua ya saba, kifundo cha mguu wa kushoto kikakatika ndani kwa ndani. Huoni kitu kwa nje. Unachogundua ni kwamba mguu umeacha kubishana na kidole chako, unazunguka bure kama jino linalotaka kung'oka. Mama, ambaye alikuwa akipita na kuchungulia kila jioni, akauliza, "Mwanangu, huyo mzee atafika lini bombani?" Nikamwambia, "Keshokutwa, mama, kavunjika mguu."

Waya wa kufungia nondo unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na bei yake ni ndogo, lakini una tabia ya kurudi. Fanya jaribio hili kabla hujanunua waya wowote: kata kipande cha urefu wa kiganja, kipinde hadi kiwe pembe mraba, kiachie, utazame kimerudi kiasi gani. Waya wa nondo unarudi kiasi cha kuonekana kwa macho, na ukiusokota nyuzi mbili au tatu unarudi zaidi. Sasa rudi kwenye ile safu ya mwisho ya jedwali. Waya unaorudi milimita 2 unavumilika pale unaposogeza milimita 10, lakini kwenye mwendo wa milimita moja utakuwa unapigana nao picha nzima.

Alumini laini, ile ya kazi za mikono na mapambo, inarudi kidogo sana. Nayo hukatika, ila huchelewa, na ikisokotwa nyuzi kadhaa, mmoja ukikatika wengine wanaubeba mguu mpaka umalize tukio. Mzee wa pili, mwenye urefu wa sentimita 18, nilimtengeneza hivi. Nilichukua waya wa milimita 1.5. Uti wa mgongo na miguu nyuzi tatu, mikono nyuzi mbili. Ncha za upande mmoja unazibana kwenye kitasa cha mlango kwa koleo, za upande wa pili unazifunga kwenye drili, unazungusha polepole ukiwa umevuta waya unyooke. Ukiona misokoto imekaa sawasawa, acha. Ukiendelea utaufanya mgumu kabla haujaanza kazi.

Kisha mifupa. Mapaja, miundi na mikono niliivalisha gundi ya epoksi ya kukanda, ile inayokauka kama jiwe, ili waya upinde magotini na viwikoni tu, usipinde katikati ya paja. Acha uwazi wa kama sentimita moja kwenye kila kiungo. Mwanzoni niliacha milimita 3 nikidhani ndiyo ustadi, kumbe mkunjo wote unalala mahali pamoja na waya unakatika haraka. Juu ya yote nikazungushia uzi wa kushonea, kwa sababu plastisini juu ya chuma kitupu inateleza: unageuza mkono, udongo unageuka, waya umebaki ulipo. Kichwa nikakitia bonge la karatasi ya foili ndani ili kiwe chepesi. Kichwa kizima cha plastisini kinamwinamisha mdoli mbele kila picha, na hakuna waya utakaokizuia siku nzima.

Miguu nayo lazima ishikwe. Wenye karakana huweka nati ndani ya unyayo na kukaza skrubu kutoka chini ya meza. Njia hiyo ndiyo imara kuliko zote, lakini inataka meza iliyotobolewa kila mahali mdoli anapokanyaga. Mimi nilitandika kipande cha silingi bodi laini na kuupigilia unyayo kwa pini mbili za kichwa kidogo, kisha nikazifunika na udongo. Kwa hatua tisa zilitosha.

Kiunzi cha tatu ni kile cha vifundo vya chuma: gololi zilizobanwa kati ya vibati viwili, na skrubu katikati ya kuongeza au kupunguza ukazo. Hakirudi kabisa. Ukikiweka nusu milimita, kinabaki nusu milimita, na bega unalikaza kuliko kiganja kwa sababu linabeba mkono mzima. Kwa fremu 24 na mwendo wa taratibu, hakuna cha kushindana nacho. Lakini seti moja ya mdoli mmoja huuzwa kwa makumi ya dola kabla ya usafiri, viungo vyake ni vinene kwa mdoli wa sentimita 18, na mafuta ya plastisini yakipenya kwenye gololi ukazo unabadilika, ikabidi uvue udongo wote ufute na kukaza upya. Nimewahi kuazima kimoja. Nilikifurahia, na nikakirudisha bila majonzi. Mtu anayepanga mdoli mmoja acheze filamu tano, huyo anunue. Kwa mzee wa bombani alumini inatosha.

Dirisha, balbu au taa ya LED

Hapa watu hutafuta mwanga mzuri, wakati kinachohitajika ni mwanga usiobadilika. Picha moja ikiwa na mwanga hafifu si neno. Picha mia mbili, kila moja na mwanga wake, zinakuwa filamu inayopepesa kama televisheni ya betri iliyokwisha.

Dirisha ni bure na ni zuri kwa picha moja. Lakini jua husogea nyuzi 15 kila saa. Saa 6 za kupiga ni nyuzi 90, yaani kivuli cha mzee kilichokuwa magharibi mwa kigoda kitakuwa kimehama kabisa, ndani ya filamu ambayo mtazamaji anadhani imechukua sekunde 20. Na mawingu ya pwani hayakupi taarifa. Dirisha lifungwe kwa pazia zito au blanketi. Hili sibishani na mtu.

Balbu ya kizamani, ya waya unaong'aa, ina mwanga wa joto unaopendeza, na mara mbili inakuponza. Kwanza ni moto: iweke karibu na mzee na uso wake utaanza kung'aa mafuta, kisha pua inashuka. Pili inafuata umeme kwa unyenyekevu uliopitiliza. Umeme ukishuka kwa asilimia 5, mwanga wa balbu hiyo hushuka kwa takriban asilimia 16. Jirani akichomeka pasi, huoni kitu kwa macho, lakini kamera imeona. Nilikuwa na picha 14 mfululizo zilizokuwa na giza kidogo kuliko wenzake, na zilianza na kuishia wakati ule sare za shule zinapopigwa pasi Jumapili jioni.

Taa ya LED haichomi, na ikiwa na kidhibiti kizuri haijali umeme kupanda na kushuka. Shida ni zile za bei ya chini, ambazo hupepesa pamoja na umeme wa nyumba. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya namna hiyo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kuigundua ni rahisi: fungua kamera ya simu kwenye mpangilio wa `Pro`, weka kasi ya shata `1/1000`, uielekeze kwenye ukuta unaomulikwa. Ukiona michirizi ya giza inapita, taa inapepesa. Dawa yake ni kuacha shata iwe wazi muda wa kutosha kumeza mapepeso kamili: `1/50`, `1/25`, au bora zaidi nusu sekunde, kwa kuwa mdoli hatikisiki. Aliyeko Marekani au Kanada, umeme wake ni hezi 60, basi atumie `1/60` au `1/30`.

Mimi niliishia kwenye taa mbili ndogo za LED za waya wa USB, zilizochomekwa kwenye pawabenki badala ya ukutani. Umeme ukikatika, taa hazina habari. Zikila wati 5 kwa pamoja kwenye pawabenki ya mAh 10,000, hukaa kama saa 5 au 6, ambazo kwa fremu 12 ndizo karibu filamu nzima. Kwa 24 utabadilisha katikati ya tukio, na uchomoe na kuchomeka bila kuigusa taa. Usipunguze mwanga kwa kitufe cha taa, kwani nyingi hupunguza kwa kuongeza mapepeso. Isogeze nyuma, au ifunike kwa kitambaa cheupe. Zile taa za sola za kuchaji ziache: nyingi hufifia taratibu betri inavyoisha, na hutajua mpaka utakapotazama picha ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja.

Kamera nayo huleta mapepeso yake. Simu ikiachwa ijipangie, mzee akisogea mbele ya ukuta mweupe itabadilisha mwanga na rangi kila picha. Funga vyote kwa mkono: `ISO`, shata, `WB` na fokasi, kisha andika namba zake kwenye karatasi ubandike ukutani, kwa sababu simu ikizima inasahau. Mwenye kamera kubwa ajue kwamba lenzi yake hufunga kitundu upya kila picha na haifungi sawasawa kila mara. Lenzi ya zamani ya kuzungusha kwa mkono inaliondoa tatizo hilo.

Bado kuna wewe. Siku moja nilipiga saa mbili nikiwa na kanzu nyeupe, mara nimeegemea kushoto, mara kulia, na mwanga uliodunda kutoka kwenye kanzu ulimpaka mzee shavuni kila nilipohama. Vaa nguo nyeusi, simama palepale kila unapopiga, na tumia rimoti ya bluetuthi au waya wa spika za masikioni kupiga, usiiguse simu.

Kabla ya kumgusa mdoli, piga picha 24 za meza ikiwa imetulia, moja kila dakika, usisogeze chochote. Zichezeshe. Zikitulia kama picha moja, anza kazi. Zikipepesa, kosa ni la taa au kamera, na umelijua kwa dakika 24 badala ya saa 6.

Nilivyopiga mara ya pili

Mzee wa alumini, LED kwenye pawabenki, shata nusu sekunde, fremu 12. Kukaa sekunde 3, kuinuka 2, kutembea 6, kufungua koki 3, kusubiri 3, mende 3. Kutembea ndiko kulikokula siku: sekunde 6 ni picha 72, na kwa mzee nilitoa picha 8 kwa kila hatua, hatua tisa. Kijana ningempa 6. Mguu unaokanyaga unabaki umepigwa pini, unaoinuka unapita njia yake kwa picha 8: mbili za kwanza na mbili za mwisho husogea kidogo, nne za kati ndizo zinazobeba mwendo. Nilipozigawa sawasawa, mzee alitembea kama anayesukumwa kwenye toroli.

Koki niliipiga kwenye mbilimbili, isipokuwa mruko wa mende, ambao niliupiga moja moja. Sehemu hizo mbili nilizitoa kila moja peke yake, kisha nikaziunga. Kwa picha za mbilimbili, zilizopewa namba kwa mfululizo kuanzia 0001, amri ya programu ya ffmpeg kwenye kompyuta ni hii:

```
ffmpeg -framerate 12 -i picha_%04d.jpg -r 24 -vf "scale=1920:-2" -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p mzee.mp4
```

Hapo `-framerate 12` inasema umepiga picha ngapi kwa sekunde, na `-r 24` inasema filamu itoke na fremu ngapi, kwa hiyo kila picha inarudiwa mara mbili yenyewe. Kwa sehemu ya mruko wa mende, weka picha zake kwenye folda yake, nazo zianzie 0001, badilisha 12 iwe 24, na `mzee.mp4` iwe `mende.mp4` ili usiifute ya kwanza. Ukikosea ukaandika 24 kote, mzee atakimbia bombani kwa sekunde 3, na mende atafika kabla mama hajamaliza kukaa kwenye kiti.